Mombasa, Mvita, Manbasa, Mombaça: tahajia ipi iingie kwenye kamusi elezo?

Mji ni mmoja, lakini mezani pa mhariri kuna Mombasa, Mvita, Kongowea, Manbasa, Mumbasa, Mombaça, Mombaza, Mombas na Mombassa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyozuka kwa upuuzi tu. Kila moja ina aliyeiandika na sababu yake, na nyingi bado zimo kwenye vitabu vinavyosomwa. Hata hivyo makala hubebwa na jina moja. Jina hilo ndilo kidahizo, linalopangwa kwa alfabeti na linalotangulia kuonekana, na mengine yote hutafutiwa pa kukaa.

Anayeandaa kamusi elezo, ramani ya shule au orodha ya vitabu kwa Kiswahili ana njia nne za kuchagua. Anaweza kufuata jina rasmi ambalo nchi yenyewe huliandika kwa herufi za Kirumi. Anaweza kufuata mazoea ya Waswahili, kama tunavyosema Maskati. Anaweza kunukuu herufi kwa herufi kutoka hati ya asili, Kiarabu kwa mfano. Au anaweza kuchukua lile la Kiingereza, ambalo kwa kweli ndilo huchukuliwa mara nyingi, bila mtu kukaa akaamua. Maoni yangu nayasema mapema: mazoea ya Kiswahili yakiwa hai yatangulie, yakikosekana lije jina rasmi, unukuzi ukae ndani ya makala na usipande juu, na Kiingereza kisipewe nafasi kwa sababu tu ni Kiingereza. Kwa nini hivyo, Mombasa yenyewe inaonyesha vizuri kuliko mji mwingine wowote ninaoujua.

Unukuzi: mwaminifu kwa herufi, si kwa mdomo

Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331. Jina la kisiwa aliliandika منبسى, na kwa kuwa hati ya Kiarabu haionyeshi irabu fupi, akaeleza moja kwa moja namna ya kulisoma: mimu ina fat-ha, nuni ina sukuni, bee ina fat-ha, sini ina fat-ha, kisha yee mwishoni. Ukilinukuu herufi kwa herufi unapata Manbasa. Ndiyo maana vitabu vingi vya historia vina Manbasa, na wapo wasomaji wanaodhani kwamba zamani mji ulitamkwa kwa “n”.

Aliyesoma madrasa hahitaji kuelezwa sana. Nuni yenye sukuni ikifuatwa na bee husomwa mimu, na hiyo ndiyo iqlabu. Kiswahili kina ushahidi wake msikitini: Waarabu huandika منبر kwa nuni, nasi tukalichukua neno kama lilivyosikika, mimbari. Hatukusema “minbari”. Basi منبسى aliyoiandika Ibn Battuta ilisikika Mambasa, au sauti iliyo karibu sana na hiyo. Herufi ilikuwa nuni, sauti ilikuwa mimu.

Hapa pana tofauti ambayo mhariri lazima aiweke wazi kabla ya kuchagua chochote. Kuna kunukuu herufi na kuna kunukuu sauti. Anayenukuu herufi anataka msomaji aweze kurudi kwenye maandishi ya asili na kuyapata kama yalivyo. Kwa kazi hiyo Manbasa ni sahihi, na Mambasa ni kosa. Anayenukuu sauti anataka msomaji atamke kama wenyeji, na kwake hukumu inageuka. Kitabu cha marejeo kikichanganya njia hizi mbili katika ukurasa mmoja, msomaji hana namna ya kujua ipi ni ipi.

Mtego mkubwa zaidi ni wa kwenda na kurudi. Siku hizi Waarabu huandika mji huu kwa namna kadhaa, zikiwemo ممباسة na مومباسا. Katika ya pili wau na alifu zimetiwa ili msomaji wa Kiarabu apate irabu, maana hati yao haina herufi ya “o”. Sasa mkutubi akipata kitabu cha Kiarabu kilichochapwa Mombasa, akafuata mfumo wake wa unukuzi kwa uaminifu, ataandika Mumbāsah kutokana na tahajia ya kwanza na Mūmbāsā kutokana na ya pili. Jina liliondoka hapa na herufi za Kirumi, likavaa Kiarabu, likarudi limebadilika sura. Hakuna aliyekosea kanuni, lakini hakuna mtu aliyewahi kuishi Mūmbāsā.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: vistari vya kurefusha irabu juu ya jina la mji ambao wenyewe huliandika kwa Kirumi. Ukiviona, jua jina limepitia hati nyingine. Kinga yake ni kanuni moja: nukuu kutoka hati ambayo wenyeji hulitumia jina hilo rasmi leo, usinukuu kutoka hati iliyoliazima. Dar es Salaam inaingia hapa pia. Asili yake ni دار السلام, na unukuzi wa Kiarabu utakupa Dār as-Salām. Lakini Tanzania huliandika jiji lake kwa Kirumi, na huandika “es”. Hakuna cha kunukuu hapo; kinachotakiwa ni kunakili tu.

Miswada yetu ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ina shida ya aina yake. Kiarabu hakina “v”, kwa hiyo waandishi wa zamani mara nyingi waliitumia fee mahali pake. Sauti kama “mb” na “nd” nazo mara nyingine ziliandikwa kwa bee au dali peke yake, msomaji akijazia mwenyewe kwa kuwa lugha aliijua. Mtu asiyejua Kiswahili akinukuu Mvita iliyoandikwa kwa fee, atatoa “Mfita”, na ataapa kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mswada wa Kiswahili usomwe na Mswahili kwanza, ndipo uandikwe kwa Kirumi.

Majina ya mabaharia

Haya hayahitaji muda mrefu. Wareno walifika Aprili 1498 na wakaandika Mombaça. Hiyo ç yenye mkia husomwa “s”, na mambo yaharibika mtu anapoichapa bila mkia, kwa sababu Mombaca husomeka “Mombaka”. Mombaza na Mombas ni za Wazungu wengine waliofuata. Mombas imo katika vitabu vya Kiingereza vya karne ya 19, enzi za mmisionari Krapf aliyefika hapa mwaka 1844. Mombassa yenye “s” mbili ina mantiki ya Kifaransa, kwani kwao “s” moja ikiwa katikati ya irabu husomwa “z”. Anayeiandika hivyo kwa Kiswahili leo hana kisingizio hicho.

Yote haya yawe vielekezi tu: msomaji akitafuta Mombas, aambiwe “tazama Mombasa”. Ila Mombaça ina jambo lake. Katika jimbo la Ceará nchini Brazili kuna mji unaoitwa Mombaça. Kielekezi chake kiwe na njia mbili, la sivyo mji wa bara la Brazili utajikuta umepewa Ngome ya Yesu.

Mvita au Mombasa?

Hapa ndipo watu wa kwetu hupandisha sauti, na wana haki. Mvita ni jina letu. Simulizi za mji zinamtaja Mwana Mkisi na Kongowea yake, kisha Shehe Mvita na mji wake. Lahaja ni Kimvita. Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, aliimba Mvita na Gongwa, jina jingine la kale la mji, na mtu aliyeyasoma mashairi yake haoni Mombasa kuwa neno lenye utamu huo. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana papa hapa Mombasa, wakaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, si Kimvita. Ukiyajua hayo, unaelewa kwa nini mtu wa Mji wa Kale akiambiwa jina la mji wake litafuata “usanifu” hunyanyua nyusi.

Kuna na hoja ya kitaalamu. Umoja wa Mataifa una kundi la wataalamu wa majina ya mahali, na msimamo wao wa miaka mingi ni kwamba majina ya wenyeji yapendelewe na yale waliyoyatunga wageni yapunguzwe. Mtu atasema basi, mwenyeji ni Mvita.

Nakubali hoja, nakataa hitimisho. Jina la mwenyeji, kwa maana yao, ni jina lililo katika lugha rasmi au lugha iliyokita mizizi mahali pale. Mombasa inatimiza sharti hilo sawa na Mvita. Mswahili wa Likoni husema “nakwenda Mombasa” akiwa anasubiri feri, na hajihisi anatumia jina la mgeni. Kwa hiyo kanuni ya wenyeji haitusaidii kuchagua kati ya haya mawili, na inabidi tutazame kitu kingine: jina linafunika ardhi ipi.

Mvita ya Muyaka ilikuwa mji wa kisiwani. Mvita ya leo, kiserikali, ni eneobunge mojawapo kati ya sita za Kaunti ya Mombasa. Nyingine ni Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali na Likoni. Ukiweka Mvita kuwa kidahizo cha jiji zima, makala ya bandari ya Kilindini itakaa sawa, lakini Likoni na Changamwe zitakuwa zimeingizwa ndani ya jina ambalo kwenye karatasi ya kura haziko. Kongowea ina balaa zaidi: anayeitafuta leo karibu hakika anataka soko lililoko bara ya kaskazini, si mji wa Mwana Mkisi.

Kwa hiyo kidahizo ni Mombasa. Mvita ipewe makala yake yenyewe, si kielekezi kitupu, na humo kuwe na sehemu mbili zilizotenganishwa waziwazi: mji wa kale na eneobunge. Ukinukuu shairi, acha Mvita kama ilivyo. Kulibadilisha jina ndani ya ubeti ili lifuate kidahizo ni uharibifu, na usitegemee mizani ikuonyeshe, kwani Mvita na Mombasa zote zina silabi tatu.

Maskati na Riyadh: mazoea yanapoanzia na yanapoishia

Tutoke Mombasa tuvuke bahari. Mji mkuu wa Oman, kwa Kiarabu مسقط, unaonyesha njia zote zikiwa bega kwa bega:

| Njia | Tahajia | Inapokutikana |
|---|---|---|
| Mazoea ya Kiswahili | Maskati | mazungumzo ya pwani, historia, halua |
| Rasmi kwa Kirumi | Muscat | tiketi, viwanja vya ndege, maandishi ya serikali ya Oman kwa Kiingereza |
| Unukuzi wa ALA-LC | Masqaṭ | maelezo ya vitabu vya Kiarabu maktabani |
| Unukuzi wa BGN/PCGN | Masqaţ | ramani |
| Kireno na Kifaransa | Mascate | vitabu vya safari |

Tazama safu mbili za unukuzi kwa makini. Zote zinawakilisha herufi ileile, twee, lakini wakutubi huweka nukta chini ya “t” na wachora ramani huweka kijimkia. Kwa jicho ni tofauti ndogo sana. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizohusiana, na anayetafuta kwa moja hapati nyingine. Kama kazi yako itatumia unukuzi popote, chagua mfumo mmoja, uutaje kwenye utangulizi, na usinakili kutoka ramani na katalogi kwa wakati mmoja.

Kwa kidahizo, Maskati inashinda bila mashaka. Ina irabu mwishoni kama inavyotaka lugha, haina “q” wala “c” ya peke yake ambazo alfabeti yetu sanifu haizijui, na bado iko midomoni mwa watu wanaozungumza habari za jamaa zao walioko huko. Hili la mwisho ndilo lenye uzito. Mazoea yanayostahili kidahizo ni yale ambayo watu wanayo tayari, si yale ambayo mhariri anatamani wangekuwa nayo.

Ndiyo maana Riyadh inapata hukumu tofauti. Unukuzi wake ni ar-Riyāḍ, na ile herufi ya mwisho ni dhwadi, ambayo Kiswahili huipa “dh” siku zote: Ramadhani, kadhi, ardhi. Tahajia Riyadh imeangukia palepale tunapopataka, kwa bahati tu. Kuna kishawishi cha kuongeza “i” ili iwe Riyadhi, ikae karibu na Maskati kwenye orodha. Nisingefanya hivyo. Magazeti na redio za Kiswahili husema Riyadh, na kamusi elezo si mahali pa kuubatiza mji upya. Kiambishi “ar-” nacho kiachwe nje ya kidahizo, jina lipangwe kwenye R, la sivyo nusu ya miji ya Uarabuni itarundikana kwenye A.

Bombay inahitaji neno moja la nyongeza, kwa kuwa wazee wa Mombasa huisema kwa wepesi uleule wanaosema Maskati. Lakini wepesi haufanani asili. Maskati ni umbo la Kiswahili. Bombay ni umbo la Kiingereza tulilolipokea bila kuligusa. Mji uligeuza jina lake rasmi kuwa Mumbai mwaka 1995, na hakuna umbo la Kiswahili la kulilinda. Kidahizo kiwe Mumbai, Bombay iwe kielekezi, na habari za jahazi za karne ya 19 ziandikwe “Bombay (leo Mumbai)” mara ya kwanza, kisha Bombay peke yake.

Kidahizo kikikamilika

Nikiyaweka yote pamoja, mwanzo wa makala ya Mombasa ungekuwa hivi:

> Mombasa (Kiarabu cha leo: ممباسة, pia مومباسا, kwa Ibn Battuta, 1331: منبسى, unukuzi wa herufi *Manbasa*, Kireno: *Mombaça*). Jiji na kaunti ya Kenya kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Jina la kale la kisiwa na mji: *Mvita*, katika simulizi pia *Kongowea* na *Gongwa*. Tazama Mvita, Kongowea.

Angalia kwamba kila umbo lina lebo inayosema ni la nani, na pale inapowezekana la lini. “Pia huitwa” peke yake haitoshi, kwani ingeweka Mombas ya Krapf na Mvita ya Muyaka kwenye kapu moja, kana kwamba msomaji angeweza kulitumia lolote leo asubuhi.

Nyuma ya pazia, tahajia zote zifungwe kwenye kitambulisho kimoja kisichotegemea lugha. Kaunti ina KE-28 katika orodha ya ISO 3166-2, na bandari ina KEMBA katika orodha ya UN/LOCODE. Jihadhari na namba ya kaunti inayotumika nchini, 001: ni ya mahali palepale lakini si ya orodha ileile. Ile 28 ilitokana na mpangilio wa alfabeti, na anayechanganya orodha hizi ataipeleka Mombasa kwenye mstari wa Baringo, ambayo ndiyo 01 kwa ISO.

Upande wa kutafuta, mashine iruhusiwe kupuuza nukta, mikia na vistari, ili Masqat ipate Masqaṭ na Masqaţ, na Mombaca ipate Mombaça. Lakini upuuzaji huo ubaki kwenye kutafuta peke yake. Ukiuachia uingie kwenye maandishi yanayosomwa, utaanza kula kitone cha ng'. Ng'ambo ya Unguja itageuka Ngambo, na hapo si suala la mapambo tena, kwani ng' na ng ni sauti mbili. Kagua pia kitone chenyewe: wengine huchapa ' iliyonyooka na wengine ’ iliyopinda, na mashine huzihesabu kuwa herufi tofauti mpaka uiambie.

Linabaki suala la jirani zetu wa Amu. Wao husema Amu, serikali huandika Lamu, na kaunti ni Lamu. Kwa kipimo nilichotumia kwa Mvita, kidahizo ni Lamu. Tofauti ni kwamba Amu haijahamia mahali pengine kama Kongowea ilivyohamia sokoni. Bado ni jina la mji uleule, kwa vinywa vilevile. Kwa hiyo hapo ningeandika majina yote mawili kwa herufi nzito juu ya makala, Lamu au Amu, na kuyapanga yote kwenye alfabeti, moja likielekeza kwa jingine.